Upeo Finyu na Upeo Kamili wa Viwango vya Rangi: Kwa Nini Video Iliyogeuzwa Huchujuka au Huzama Gizani

Ikisiri

Video nyingi zinazohamishwa kutoka kwenye mikanda kwenda kwenye faili, au kutoka faili moja kwenda jingine, hubadilika sura bila mtu yeyote kukusudia. Baadhi huchujuka: weusi huwa kijivu na picha nzima huonekana kama imefunikwa na ukungu. Nyingine huzama: vivuli huwa giza tupu na sehemu nyeupe hupoteza mikunjo yake. Makala haya yanaeleza kwamba kasoro zote mbili zina chanzo kimoja, nacho ni kuchanganywa kwa mizani mbili za kuhesabia mwangaza, yaani upeo finyu na upeo kamili. Kwa kufuata mfano wa mkanda mmoja hatua kwa hatua, makala yanaonyesha kwamba kuchujuka kwa kawaida hurekebishika, ilhali kuzama hurekebishika hadi hatua fulani tu. Hatua hiyo ikishapita, kilichopotea hakirudi. Kwa hiyo suala hili linapaswa kuamuliwa katika mkataba wa kazi, kabla ya mkanda wa kwanza kuwekwa kwenye mashine.

1.0 Utangulizi

Nyaraka za picha zinapogeuzwa kuwa za dijitali, wasimamizi wa mradi kwa kawaida hujadili ukubwa wa picha, aina ya faili na nafasi ya kuhifadhi. Swali la namba gani inawakilisha weusi na namba gani inawakilisha weupe huachwa kwa mafundi, na mafundi nao mara nyingi huiachia programu ya kompyuta. Programu hukisia. Ikikisia sawasawa, hakuna anayetambua kwamba palikuwa na swali. Ikikisia vibaya, mtazamaji huona picha mbovu na kuulaumu mkanda kwa uchakavu au kamera kwa udhaifu.

Lawama hiyo ina madhara. Mkanda unaoaminika kuwa mbovu hautarudiwa kunakiliwa, na faili lililoharibika huachwa liwe kumbukumbu ya kudumu. Vilevile, hasara haigawanyiki sawasawa ndani ya picha. Huangukia kwanza sehemu zenye giza: uso wa mtu mweusi aliyeketi kivulini, mikunjo ya buibui, wapiga ngoma walio mbali na taa. Kwa mtafiti wa mavazi, wa utendaji au wa historia simulizi, hizo ndizo sehemu zenye ushahidi anaoutafuta.

2.0 Asili ya mizani mbili

Katika video ya biti 8, mwangaza wa kila pikseli huandikwa kwa namba kati ya 0 na 255. Mtu asiyejua historia ya televisheni angetarajia 0 iwe weusi kabisa na 255 iwe weupe kabisa. Hivyo ndivyo ilivyo katika upeo kamili, na hivyo ndivyo picha za JPEG zinavyohesabiwa kwa kawaida.

Televisheni ilichukua njia nyingine. Pendekezo la ITU-R BT.601, ambalo toleo lake la kwanza lilipitishwa mwaka 1982, liliweka weusi kwenye 16 na weupe kwenye 235. Huu ndio upeo finyu, wenye viwango 220 badala ya 256. Namba 0 na 255 hazikuruhusiwa kubeba picha, kwa kuwa zilitengwa kwa ishara za kuoanisha muda kwenye nyaya za dijitali. Nafasi iliyobaki, yaani 1 hadi 15 na 236 hadi 254, iliachwa kama pambizo ya ukurasa. Mawimbi ya analojia hayakuwa na nidhamu kamili: kamera ilipoelekezwa kwenye taa, mwangaza ulizidi kipimo cha weupe, na vichujio vya umeme vilisababisha mawimbi kuruka kidogo juu au chini ya mahali palipokusudiwa. Pambizo ilipokea ziada hiyo bila kuikata. Televisheni ya ubora wa juu, chini ya ITU-R BT.709, ilirithi utaratibu huo huo. Katika biti 10 namba huzidishwa kwa nne, hivyo weusi huwa 64 na weupe 940.

Mizani hizi mbili zinafanana na vipimo viwili vya joto. Maji yale yale yanaweza kuandikiwa namba mbili tofauti, na zote zikawa sahihi, ilimradi msomaji ajue kipimo kilichotumika. Hakuna mizani iliyo bora kwa yenyewe. Kutoka upeo finyu kwenda upeo kamili, mwangaza hubadilishwa kwa kanuni ifuatayo:

```
K = (F - 16) * 255 / 219
```

Hapa F ni namba ya upeo finyu na K ni namba ya upeo kamili. Kutendua kanuni hiyo humrudisha mtu alikotoka: 0 huwa 16, na 255 huwa 235. Katika makala haya, hatua ya kwanza inaitwa kupanua na ya pili kufinya. Namba za rangi, zinazobebwa kando na mwangaza, hubadilishwa kwa kanuni ya namna hiyo hiyo, ingawa mipaka yake katika upeo finyu ni 16 na 240. Ndiyo maana video iliyochujuka huwa pia na rangi hafifu, na iliyozama huwa na rangi kali kupita kiasi.

3.0 Namna kosa linavyotokea

Faili la video hubeba namba, na namba haijitambulishi. Pikseli yenye thamani 16 inaweza kuwa weusi wa upeo finyu au kijivu cheusi cha upeo kamili. Ili kuondoa utata huo, faili hubeba lebo. Katika video za H.264 lebo hiyo ni `video_full_range_flag`, ambayo huwa 1 kwa upeo kamili na 0 kwa upeo finyu. Lebo isipokuwapo, kanuni ni kwamba faili lisomwe kama la upeo finyu.

Hapa ndipo matatizo yanapoanza, kwa sababu lebo na namba ni vitu viwili vinavyoweza kutengana. Programu moja inaweza kubadilisha namba bila kugusa lebo, na nyingine ikabadilisha lebo bila kugusa namba. Pia lebo inaweza kudondoka njiani faili linapohamishwa kutoka chombo kimoja kwenda kingine.

Iwapo namba ni za upeo finyu lakini zinasomwa kama za upeo kamili, hatua ya kupanua huachwa. Weusi hubaki 16 na weupe hubaki 235, na skrini huzionyesha kama zilivyo. Kwa macho, 16 kati ya 255 huonekana kuwa tofauti ndogo, lakini athari yake ni kubwa. Kwenye skrini ya kompyuta inayofuata kipimo cha sRGB, thamani hiyo hutoa takriban nusu asilimia ya mwanga wa weupe kamili, na 235 hutoa takriban asilimia 83. Kwa hiyo, hata skrini bora kiasi gani, sehemu nyeupe ya picha haiwezi kuizidi sehemu nyeusi kwa zaidi ya mara 160 hivi. Huo ndio ukungu anaouona mtazamaji wa video iliyochujuka.

Iwapo namba ni za upeo kamili lakini zinasomwa kama za upeo finyu, hupanuliwa ilhali tayari zimepanuka. Kila thamani iliyo chini ya 16 hutoa jibu hasi, na kwa kuwa hakuna mwangaza hasi, zote hukatwa na kuwa 0. Kila thamani iliyozidi 235 hukatwa na kuwa 255. Picha huzama. Tofauti ya msingi kati ya makosa haya mawili ni kwamba katika la kwanza namba zimebaki zilivyo, ilhali katika la pili namba tofauti zimelazimishwa kuwa moja.

4.0 Mfano: mkanda wa ngoma ya usiku

Chukulia mkanda wa analojia wa mfumo wa PAL uliorekodiwa usiku uwanjani, chini ya taa moja. Mbele wapo wanawake waliovaa buibui, kando ameketi mzee ambaye uso wake uko kivulini, na katikati wamesimama wanaume wenye kanzu nyeupe. Mkanda umenakiliwa ipasavyo kwa upeo finyu. Mikunjo mitatu ya buibui moja imepata thamani 22, 28 na 35. Uso wa mzee ni 60. Mikunjo mitatu ya kanzu ni 215, 225 na 230, na kiini cha taa kimefika 243, ndani ya pambizo.

Ofisi ya kwanza inafungua nakala hiyo katika programu ya uhariri ili kukata sehemu zisizohitajika. Programu inafanya kazi kwa upeo kamili, kwa hiyo inapanua. Mikunjo ya buibui inakuwa 7, 14 na 22. Uso wa mzee unakuwa 51. Kanzu inakuwa 232, 243 na 249. Kiini cha taa kinavuka 255 na kukatwa, hasara ambayo kwa taa si kubwa. Hadi hapa picha ni sahihi.

Kosa linatokea wakati wa kutoa faili jipya. Mhariri amechagua mpangilio unaoandika namba za upeo kamili, lakini faili limetoka bila lebo. Programu yoyote itakayolisoma italichukulia kuwa la upeo finyu, na picha itaonekana imezama. Hata hivyo, thamani 7, 14 na 22 zingali ndani ya faili. Kinachokosekana ni lebo tu.

Ofisi ya pili inapokea faili hilo ili kutengeneza nakala nyepesi za mtandaoni. Programu yake inafuata kanuni: haioni lebo, inapanua tena, kisha inaandika nakala mpya yenye lebo sahihi kabisa. Sasa thamani 7 na 14 zote zimekuwa 0, na 22 imekuwa 7. Mikunjo miwili kati ya mitatu ya buibui imeungana na giza. Uso wa mzee umeshuka kutoka 51 hadi 41. Katika kanzu, 232 imekuwa 252, na ile miwili mingine imekuwa 255, hivyo imetoweka ndani ya weupe mmoja. Kati ya viwango 220 vya nakala ya kwanza, ni vile vya kuanzia 30 hadi 218 tu vinavyonusurika kupanuliwa mara mbili.

Jambo la kuzingatia ni kwamba nakala ya ofisi ya pili haina kosa lolote la kitaratibu. Lebo yake inalingana na namba zake. Mkaguzi atakayeangalia lebo peke yake ataipitisha.

5.0 Namna ya kulitambua kosa

Kabla ya kulishuku faili, sharti kuiondolea shaka skrini. Kebo ya HDMI nayo hubeba picha kwa upeo mmoja kati ya hiyo miwili, na kompyuta ikituma upeo mmoja ilhali televisheni inatarajia mwingine, kila kitu huonekana kimechujuka au kimezama, pamoja na maandishi na picha mnato. Hiyo ndiyo dalili ya kutofautisha: kosa la kebo huathiri skrini nzima, kosa la faili huathiri video hiyo peke yake.

Hatua ya pili ni kusoma lebo. Amri ifuatayo huitoa:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 \
  -show_entries stream=pix_fmt,color_range ngoma.mp4
```

Jibu `tv` humaanisha upeo finyu, `pc` humaanisha upeo kamili, na `unknown` humaanisha kwamba lebo haipo. Lakini, kama mfano ulivyoonyesha, lebo hueleza kile faili linachodai. Ukweli wa namba unahitaji kipimo kingine.

Kipimo bora ni mistari ya rangi ya majaribio iliyorekodiwa mwanzoni mwa mikanda mingi ya utangazaji. Katika mistari ya aina iliyozoeleka Ulaya na katika nchi zilizotumia PAL, mstari wa kwanza kushoto ni mweupe kamili, wa pili ni wa manjano, na wa mwisho kulia ni mweusi. Thamani zake zinajulikana tangu awali, kwa hiyo hakuna haja ya kukisia. Mstari wa manjano kwenye picha yenye upana wa pikseli 720 hupimwa hivi:

```
ffprobe -v error -f lavfi \
  -i "movie=ngoma.mp4,crop=40:100:115:200,signalstats" \
  -show_entries frame_tags=lavfi.signalstats.YAVG
```

Kwa mweupe, namba 115 hubadilishwa kuwa 25, na kwa mweusi kuwa 655. Majibu yanayotarajiwa kwa biti 8 ni haya:

| Hali ya namba | Mweusi | Manjano | Mweupe |
|---|---|---|---|
| Upeo finyu sahihi | 16 | 162 | 235 |
| Zimepanuliwa mara moja | 0 | 170 | 255 |
| Zimepanuliwa mara mbili | 0 | 179 | 255 |
| Zimefinywa mara mbili | 30 | 155 | 218 |

Mweusi na mweupe peke yake havitoshi, kwa kuwa safu ya pili na ya tatu zina 0 na 255 zile zile. Ni manjano inayotenganisha faili lililopanuka kihalali na lile lililopoteza taarifa. Iwapo namba zilizokatwa zimeandikwa tena kwa upeo finyu, kama katika nakala ya ofisi ya pili, mweusi husomeka 16 na mweupe 235 kana kwamba hakuna kosa, lakini manjano husomeka takriban 170 badala ya 162.

Pale ambapo mkanda hauna mistari hiyo, histogramu ya mwangaza husaidia. Namba za biti 8 zilizopanuliwa mara moja huacha mapengo kama ya kitana, kwa sababu viwango 220 haviwezi kujaza nafasi 256. Namba zilizokatwa hurundikana ukutani kwenye ncha mbili. Ishara hizi hufifia faili likibanwa sana au likipunguzwa ukubwa, kwa hiyo kipimo hiki kifanyike kwenye nakala iliyo karibu zaidi na mkanda. Programu ya QCTools, inayotumiwa na wahifadhi wa video, huchora vipimo hivi kwa urefu wote wa mkanda.

6.0 Urekebishaji na mipaka yake

Kanuni ya kwanza ni kurekebisha lebo kabla ya kugusa namba. Faili la ofisi ya kwanza linahitaji amri moja tu, ambayo haibani upya picha wala haipunguzi ubora wake:

```
ffmpeg -i ngoma.mp4 -c copy \
  -bsf:v h264_metadata=video_full_range_flag=1 ngoma2.mp4
```

Lebo ikaguliwe upya baadaye, kwa sababu chombo cha faili kinaweza kuwa na lebo yake kando na ile ya video, na hizo mbili zinaweza kupingana. Ikiwa mtangazaji anadai upeo finyu, namba zenyewe hufinywa na lebo kuandikwa kwa pamoja:

```
ffmpeg -i ngoma2.mp4 -vf scale=in_range=full:out_range=limited \
  -color_range tv ngoma3.mp4
```

Video iliyofinywa mara mbili, ambayo weusi wake uko kwenye 30, hurekebishwa kwa kupanuliwa mara moja. Gharama yake ni ndogo: viwango 31 hivi vilivyoungana na jirani zao havitenganiki tena, na katika biti 8 hilo linaweza kuacha matabaka mepesi kwenye anga au ukuta. Katika biti 10 ni nadra kuonekana.

Nakala ya ofisi ya pili haina dawa. Kuongeza mwangaza hugeuza giza kuwa kijivu, lakini mikunjo miwili iliyokuwa 7 na 14 sasa ni 0 na 0, na hakuna hesabu inayoweza kuitofautisha. Hapa fundi anayerekebisha kwa jicho hufanya dhara la ziada. Akiinua vivuli mpaka picha ipendeze, huficha dalili ya kukatwa, na anayekuja baadaye hatajua kwamba alipaswa kurudi kwenye nakala ya kwanza.

7.0 Hitimisho

Kuchujuka na kuzama ni matokeo ya kutoafikiana kati ya namba na yule anayezisoma. Katika mfano uliotolewa, kila ofisi ilitumia programu nzima na mkanda ulikuwa mzima, lakini mavazi na nyuso zilipotea kati ya ofisi moja na nyingine. Jukumu la kuzuia hilo ni la yule anayeandika masharti ya kazi, na masharti yanayohitajika ni matatu. Nakala mama ibaki katika upeo finyu wa biti 10 kama ilivyotoka kwenye mkanda, ili pambizo lisikatwe. Kila faili linalokabidhiwa liwe na lebo iliyoandikwa waziwazi, si iliyoachwa ikisiwe. Na thamani za mistari ya majaribio zipimwe na kuandikwa katika ripoti ya makabidhiano, pande zote mbili zikiwa na namba zile zile mbele yao. Pale ambapo nakala mama imeshafutwa na mkanda umeshatupwa, sharti hilo la tatu litafika likiwa limechelewa. Ndiyo sababu kipimo cha manjano kinapaswa kuitangulia ruhusa ya kutupa mkanda.